Petroli yapanda, dhahabu yapanda: vipimo viwili vya mfumuko wa bei

Mei 2022 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka Sh400 hadi Sh500. Vita vya Urusi na Ukraine vilikuwa vimelitibua soko la mafuta duniani, na petroli katika sheli za Dar es Salaam ilikuwa imevuka Sh3,000 kwa lita. Mwaka ulipokwisha, takwimu rasmi zilionyesha kuwa mfumuko wa bei nchini Tanzania ulikuwa wastani wa asilimia 4.3. Abiria aliyeongezewa robo nzima ya nauli alikuwa na haki ya kuuliza hesabu hiyo imetoka wapi.

Imetoka kwenye kapu. Kila mwezi wakusanyaji wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) hupita masokoni, madukani na kwa watoa huduma, wakiandika bei za vitu vilevile, vya ubora uleule, kwa kipimo kilekile. Kapu linalotumika sasa, ambalo mwaka wake wa kizio ni 2020, lina bidhaa na huduma 383. Kila kitu hupewa uzito kulingana na sehemu ya matumizi ambayo kaya hukitumia. Chakula na vinywaji visivyo na kilevi pekee vina asilimia 28.2. Nauli ya daladala ni kipande kidogo cha kapu hilo, hivyo ikipanda kwa robo haiwezi kuliinua kapu zima kwa robo. Kipimo kinachopatikana huitwa fahirisi ya bei za mlaji, na ndicho kinachosomwa redioni mfumuko wa bei unapotangazwa.

Kipo kipimo cha pili ambacho ni nadra kukisikia redioni. Wachumi hukiita difleta ya Pato la Taifa. Hakuna anayetumwa sokoni kukitafuta, kwa sababu hupatikana kwa kugawanya. Watakwimu huchukua thamani ya vyote vilivyozalishwa nchini kwa bei za mwaka huu, wakaigawanya kwa thamani ya uzalishaji huohuo kwa bei za mwaka wa kizio, ambao kwa Pato la Taifa la Tanzania ni 2015, kisha wakazidisha kwa 100. Jibu likiwa 130, maana yake bei za vitu vinavyozalishwa nchini zimepanda kwa asilimia 30 tangu mwaka huo.

Tofauti ya msingi imo humo humo. Fahirisi ya mlaji huangalia vitu ambavyo kaya inanunua, hata kama vimetoka Uchina au Uarabuni. Difleta huangalia vitu ambavyo nchi inazalisha, hata kama hakuna raia hata mmoja anayevinunua. Kwa nchi inayokula sehemu kubwa ya mazao yake na kuagiza kidogo, vipimo hivi viwili hukaribiana. Kwa nchi inayouza dhahabu na kununua mafuta, vinaweza kusimulia habari mbili zinazopingana.

Tuchukue nchi ya kufikirika yenye hesabu nyepesi. Inazalisha gunia 100 za mahindi, kila gunia Sh50,000, na gramu 20 za dhahabu, kila gramu Sh150,000. Mahindi ni Sh5 milioni, dhahabu Sh3 milioni, kwa hiyo pato lake ni Sh8 milioni. Wananchi wanakula mahindi yote. Dhahabu yote inauzwa nje, na fedha zake zinanunua lita 1,000 za petroli kwa Sh3,000 kila lita. Kapu la mlaji nalo, likiwa na mahindi na petroli, lina thamani ya Sh8 milioni.

Mwaka unaofuata petroli inapanda hadi Sh3,600, na hakuna kingine kilichobadilika. Kapu sasa linagharimu Sh8.6 milioni, hivyo fahirisi ya mlaji inasema bei zimepanda kwa asilimia 7.5. Difleta haijatikisika hata kidogo, kwa kuwa nchi haizalishi petroli. Mahindi ni yaleyale na dhahabu ni ileile, na bei zake hazijaguswa.

Sasa petroli ibaki Sh3,000 kama mwanzo, na dhahabu ndiyo ipande hadi Sh190,000 kwa gramu. Thamani ya uzalishaji inakuwa Sh8.8 milioni, na difleta inaonyesha ongezeko la asilimia 10. Mama anayenunua mahindi na kujaza petroli kwenye bodaboda ya mwanawe hajaongezewa hata senti moja. Fahirisi ya mlaji kwake ni sifuri.

Mfano huu haupo mbali na maisha halisi. Oman ni nchi ambayo mafuta na gesi ni sehemu kubwa ya pato lake. Kati ya katikati ya 2014 na Januari 2016 bei ya mafuta ghafi duniani ilianguka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa hadi chini ya dola 30, na difleta ya nchi hiyo ikaporomoka nayo. Ila wakazi wa Muscat hawakuona mchele wala kodi ya nyumba vikishuka kwa kiasi kama hicho. Mtu ambaye angeipima gharama ya maisha yao kwa difleta angedhani wamepata nafuu kubwa, wakati serikali yao ilikuwa inabana matumizi.

Kuna jambo jingine ambalo hata wanaozifahamu takwimu hulipita haraka. Pato la Taifa hukusanya thamani iliyoongezwa, yaani kile kinachobaki baada ya kutoa gharama za malighafi na nishati. Mmiliki wa daladala anayeingiza nauli za Sh200,000 kwa siku na kuchoma dizeli ya Sh80,000 ameongeza thamani ya Sh120,000, tukiweka kando gharama nyingine. Dizeli ikipanda kwa robo wakati nauli imefungwa na mamlaka ya usafiri, LATRA, thamani hiyo inashuka hadi Sh100,000, ingawa gari limezunguka ruti ileile na kubeba abiria walewale. Kwa hesabu kamili, bei ya huduma yake imeshuka karibu asilimia 17. Baadaye nauli ikiongezwa kwa asilimia 10, mapato ni Sh220,000, dizeli Sh100,000, na mmiliki anarudia Sh120,000 zake. Machoni mwa difleta, mwisho wa safari hiyo hakuna kilichobadilika. Abiria, kwa upande wake, analipa zaidi.

Hesabu kamili ya namna hiyo huhitaji takwimu nyingi za kila sekta. Nchi nyingi hazina takwimu hizo kila robo mwaka, kwa hiyo watakwimu hutumia njia fupi: kwa huduma kadhaa wanachukua bei zilezile zilizokusanywa kwa ajili ya fahirisi ya mlaji. Hapo difleta haiwezi kusemwa kuwa shahidi anayejitegemea, maana sehemu ya ushahidi wake ameuazima kwa mwenzake.

Fahirisi ya mlaji nayo ina udhaifu wake. Kapu hukaa miaka bila kubadilishwa, lakini watu hubadilika. Mchele ukipanda sana familia huhamia kwenye ugali, na nyama ikipanda hurudi kwenye dagaa na maharage. Kapu lililofungwa linaendelea kuhesabu mchele na nyama kana kwamba bado vinaliwa kwa wingi uleule, hivyo huelekea kuzidisha makali ya bei. Difleta, kwa kuwa hutumia kiasi kilichozalishwa mwaka huu, hufuata mabadiliko ya uzalishaji. Baadhi ya wachumi huiona hiyo kuwa ni sifa njema. Ina upande wake mchungu pia: familia iliyoacha nyama kwa sababu haiwezi tena kuinunua imepoteza kitu, na kipimo kinachoifuata kila inaposogea kinaweza kulifanya pengo hilo lionekane dogo kuliko lilivyo.

Benki kuu ichague kipi? Kuna hoja nzito upande wa difleta. Riba ya Benki Kuu ya Tanzania haiwezi kushusha bei ya mafuta katika soko la dunia. Ikiwa mfumuko umeingia bandarini pamoja na meli za mafuta, kuwabana wakopaji wa Mwanza au Mbeya hakutaziondoa. Kipimo kinachoonyesha bei za ndani kingeonekana kufaa zaidi. Udhaifu ni kwamba kinachoiondoa difleta kwenye kelele za petroli ndicho kinachoiingiza kwenye kelele za dhahabu, ambazo riba haiwezi kuzinyamazisha pia.

Halafu kuna suala la muda. Kamati ya Sera ya Fedha hukutana kila robo mwaka. Fahirisi ya mlaji hutoka ndani ya siku chache baada ya mwezi kuisha, ilhali takwimu za Pato la Taifa huchukua karibu miezi mitatu baada ya robo kwisha, tena hurekebishwa taarifa mpya zinapopatikana. Mwanakamati anayekutana na wenzake Aprili mwanzoni, kama angetegemea difleta, angekuwa anajadili bei za Oktoba hadi Desemba. Zaidi ya hapo, mishahara, kodi za nyumba na mikataba hujadiliwa kwa kutazama bei ambazo watu wanalipa. Ahadi ya benki kuu haina nguvu ikitolewa kwa kipimo ambacho mwananchi hakioni sokoni.

Ndiyo maana Tanzania hulenga mfumuko wa kati ya asilimia 3 na 5 kwa fahirisi ya mlaji, na Kenya asilimia 5 kwa nafasi ya 2.5 juu au chini. Udhaifu wa petroli na chakula hushughulikiwa kwa njia nyingine: NBS hutoa pia mfumuko wa msingi, unaoacha pembeni vyakula visivyosindikwa, nishati na maji. Wamarekani walitafuta njia ya kati. Benki yao kuu hulenga asilimia 2 kwa fahirisi ya bei za matumizi binafsi, ambayo uzito wake hufuata mabadiliko ya ununuzi kama ilivyo kwenye difleta, lakini huhesabu bidhaa kutoka nje na kuacha zinazouzwa nje.

Mwaka 2025 uliweka hoja hii mezani kwa namba. Mwanzoni mwa 2024 wakia moja ya dhahabu ilikuwa takriban dola 2,050, na Oktoba 2025 ikavuka dola 4,000. Dhahabu ni miongoni mwa bidhaa zinazoiingizia Tanzania fedha nyingi zaidi za kigeni, kwa hiyo ongezeko hilo linaivuta difleta juu. Mfumuko wa mlaji mwaka huo ulikuwa kati ya asilimia 3 na 4, na Julai kamati ilishusha riba kutoka asilimia 6 hadi 5.75. Kamati inayofuata difleta ingesukumwa kwenda kinyume, na kumpandishia gharama ya mkopo mwenye duka la vitenge ambaye hana mgodi. Nayo dola za dhahabu zikiwa nyingi, shilingi hupata nguvu, na lita ya petroli inayoagizwa hugharimu shilingi chache. Bei ya dhahabu huweza hivyo kuipandisha difleta na kuishusha fahirisi ya mlaji katika robo moja ya mwaka, na wachumi wa benki wanaosoma vipimo vyote viwili pamoja hujua kutokana na pengo hilo kwamba shinikizo limeanzia migodini, wala si kwenye mikopo ambayo wao wenyewe ndio wanaoipangia bei.