Daftari la Shamba na Bajeti ya Mwaka Mmoja wa Mahindi

Mkulima wa mahindi wa Mbozi, katika Mkoa wa Songwe, hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, na mvua hiyo, ambayo aghalabu huanza mwezi wa Novemba na kukatika karibu na Mei, ndiyo inayompangia lini atoe fedha na lini azipokee. Ukimuuliza hali ya biashara yake mwezi wa Julai, ghala likiwa limejaa hadi mlangoni, atakujibu kwamba ni njema. Ukirudi Januari, mahindi yakingoja mbolea ya kukuzia na watoto wakidaiwa sare za shule, atakuapia kwamba hana hata senti. Majibu yote mawili ni ya kweli, wala hakuna hata moja linaloweza kupelekwa mbele ya mkopeshaji, kwa kuwa kinachotakiwa huko ni hesabu ya mwezi kwa mwezi, na hesabu hiyo haipatikani ila kwa mtu aliyekuwa akiandika.

Daftari zinazomtosha mkulima wa kiasi chetu ni mbili. La kwanza ni la fedha, lenye tarehe, maelezo, mapato na matumizi, ambalo huandikwa jioni ya siku ile ile, maana kibarua aliyelipwa Jumatatu huwa amekwisha sahauliwa ifikapo Jumamosi. La pili, ambalo wengi hulidharau, ni daftari la ghala, linaloonyesha mahindi yaliyoingia, yaliyouzwa, yaliyoliwa nyumbani, yaliyolipwa kwa vibarua badala ya fedha, na yale mawili matatu yaliyopelekwa ukweni. Kila mwisho wa mwezi mwenye shamba huingia ghalani akahesabu kwa mkono. Hesabu ya mkono ikiwa pungufu ya ile ya daftari, basi ama kuna panya, ama kuna mwizi, ama kuna kitu kilichotoka bila ya kuandikwa, na uzoefu wangu ni kwamba hilo la tatu ndilo hutokea zaidi.

Na tuchukue sasa shamba la ekari 5, kwa bei ambazo nimezikadiria kwa ajili ya mfano, na ambazo msomaji atazibadili kwa zake. Mwaka wa hesabu tutauanza tarehe 1 Oktoba, si Januari, kwa sababu Oktoba ndipo ardhi inapotayarishwa na matumizi ya msimu mpya yanapoanza, na bajeti inayoanzia katikati ya msimu huukata mwili vipande viwili, kichwa huku na miguu kule. Siku hiyo mkulima wetu ana taslimu shilingi 900,000, na ghalani magunia 16, ambayo 9 kati yake ni chakula cha nyumba hadi Juni, na 7 ni ya kuuza.

Oktoba hulipa trekta 300,000, na nyumba hutumia 80,000 kwa sabuni, chumvi, mafuta na dawa, kama itakavyotumia kila mwezi, hubaki 520,000. Novemba hununua mbegu, mbolea ya kupandia na nguvu za vibarua kwa jumla ya 850,000, na kwa bahati huuza yale magunia 7 kwa 75,000 kila moja, hivyo baada ya kutoa ya nyumba hufunga mwezi akiwa na 115,000 mkononi. Palizi ya Desemba, ya 175,000, humtumbukiza chini ya sifuri kwa shilingi 140,000. Januari huja na yurea, palizi ya pili na mahitaji ya shule, shilingi 620,000 bila ya nyumba, na upungufu hufika 840,000. Februari ni dawa ya viwavijeshi ya 60,000. Kuanzia hapo hadi Mei hakuna jipya ila nyumba inayokula. Na Juni, pamoja na gharama za kuvuna, kupukuchua na magunia zifikazo 400,000, shimo hufika shilingi 1,700,000.

Julai huingiza ghalani magunia 75, akaweka 12 ya chakula na kuuza 63 kwa 45,000 kila moja, yaani shilingi 2,835,000. Akitoa upungufu wa Juni na matumizi ya nyumba ya miezi mitatu, hufika tarehe 30 Septemba akiwa na 895,000. Mtu asiyetazama ila fedha atasema mwaka umerudi pale pale ulipoanzia. Lakini daftari la ghala husema vingine: mwaka ulianza na magunia 16 na umekwisha na 9 yaliyobaki katika yale 12 ya chakula, kwa hiyo magunia 7 ya biashara yamekwenda na hayakurudi, na Novemba ijayo hakutakuwa na cha kuuza wakati wa kununua mbegu.

Manufaa ya hesabu hii si ile jumla ya mwisho, bali ni lile shimo la katikati, maadamu humwambia mkulima akope kiasi gani, lini, na alipe lini. Kwanza huangalia kipi kinaweza kusogezwa: vibarua wa kuvuna, mwenye mashine ya kupukuchua na muuza magunia wakikubali kungoja hadi Julai, zile 400,000 huhama, na shimo hupungua kuwa 1,300,000. Kiasi hicho ndicho cha kukopa, tena kwa mafungu, la kwanza Desemba na la pili Januari, kusudi riba isianze kuhesabiwa juu ya fedha zilizolala. Mkopo huandikwa katika mapato ya taslimu, lakini si faida, na marejesho yake, pamoja na riba, huandikwa Agosti. Atakayekubali mkopo wa marejesho ya kila mwezi atajikuta akilipa Februari, Machi na Aprili, miezi ambayo bajeti yake haina mapato hata ya shilingi moja, na hapo ndipo mahindi mabichi huuzwa yakiwa shambani kwa bei ya mnunuzi.

Liko jambo moja zaidi, nalo huvunja bajeti nzuri kuliko ukame. Nimeandika magunia 63, nikikusudia gunia la madebe sita, ambalo ni karibu kilo 100. Mchuuzi afikaye kijijini hutaka debe la saba juu yake, na hiyo ndiyo lumbesa, ambayo Wakala wa Vipimo huikataza na watu huendelea nayo. Magunia 63 ni madebe 378. Ukiyafunga saba saba hupati ila magunia 54, na mapato hushuka kwa shilingi 405,000, karibu nusu ya fedha alizobaki nazo mwisho wa mwaka. Aliyeandika kwa magunia tu ataona 54 na kulaumu mbegu au mvua, ilhali shamba lilimpa yote. Aliyeandika kwa madebe, na bora zaidi kwa kilo za mizani, huiona tofauti siku ile ile, mchuuzi angali mlangoni.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya tarehe 1 Oktoba ingia ghalani na mizani na kalamu, pima kilichomo, hesabu taslimu uliyonayo, uandike yote mawili katika ukurasa wa kwanza.