Mkanda wa mashine ya kusaga: piga hesabu kabla ya kutoboa

Mafundi wengi wanaounda mashine za kusaga unga huchomelea fremu kwanza, wakafunga mota, kisha ndipo wanapokwenda dukani kutafuta mkanda utakaoingia. Mkanda ukilegea, mota inazunguka na kinu kinagoma mahindi yakimiminwa, na harufu ya mpira unaoungua inajaa kibandani.

Tuchukue mota ya mizunguko 1,440 kwa dakika yenye puli ya milimita 200, inayoendesha kinu chenye puli ya milimita 100. Kinu kitazunguka mara 2,880. Tunataka shafti hizo mbili ziachane kwa takriban milimita 600. Urefu wa mkanda unapatikana hivi:

```
L = 2C + π(D + d)/2 + (D − d)²/(4C)
```

C ni umbali kati ya shafti, D ni puli kubwa, d ni ndogo. Jibu ni milimita 1,675. Urefu huo kamili huenda usiupate dukani, kwa sababu mikanda huuzwa kwa saizi maalumu. Ulio karibu ni B64. Namba 64 ni inchi za upande wake wa ndani, yaani milimita 1,626. Ongeza kama 40 ili ufikie mstari wa nyuzi zinazobeba mzigo, upate 1,666.

Sasa hesabu inageuka: mkanda tunao, tunatafuta umbali. Katika FreeCAD, fungua Spreadsheet, zipe seli majina, kisha andika:

```
Baki:   =Urefu - pi*(Kubwa + Ndogo)/2
Umbali: =(Baki + sqrt(Baki^2 - 2*(Kubwa - Ndogo)^2))/4
```

Utapata milimita 595.3. Ndani ya Sketcher chora duara mbili za vipenyo hivyo, uziachanishe kwa Umbali, kisha unganisha kingo zake kwa mistari miwili inayozigusa. Jumlisha mistari hiyo na tao mbili ambazo mkanda unazikumbatia. Ikija 1,666, mchoro na hesabu vimekubaliana.

Kosa linalowaponza wengi ni kupima puli ukingoni. Mkanda wa B hukaa ndani ya mfereji, na nyuzi zake hupita kama milimita 3.5 chini ya ukingo. Kwa hiyo puli yetu ya 200 ikipimwa kwa nje inasoma 207, na ile ya 100 inasoma 107. Ukiingiza vipimo hivyo, kompyuta itakupa 584, na mota itakaa milimita 11 karibu mno na kinu.

Hata hesabu ikiwa sahihi, mkanda mpya hutanuka. Matundu ya boliti za mota yachore marefu, mota iweze kusogea ndani milimita 30 ili mkanda uvishwe, na nje 40 ili ukazwe. Ukishafunga, bonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba. Kwa umbali huu, ushuke kama milimita 9.