Asilimia 55 Iliyojengwa kwa Namba za Kweli

Mwishoni mwa Januari, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa nasimamia ujenzi wa mtaro wa maji ya mvua upande wa Temeke, kwenye mtaa ambao nyumba zilitangulia na ramani ikafuata. Mtaro ulikuwa wa mita 1,800, mkataba wa shilingi bilioni 1.2, muda miezi 12 kuanzia Julai. Namba nimezigeuza kidogo, na taasisi siitaji. Siku mbili kabla ya kikao cha kamati ya mradi, mwenye mradi akaniita ofisini kwake. Kwa "mwenye mradi" nina maana ya kiongozi aliyeuombea fedha, anayeusemea mbele ya mfadhili, na ambaye mimi nilikuwa naripoti kwake.

"Injinia, hii 34 isifike mezani Alhamisi," akasema. "Andika 55."

"Mkuu, 55 sina pa kuitoa."

Akachukua kalamu akanionesha pa kuitoa. Nilipotazama ile karatasi ndipo nilipopata wasiwasi wa kweli, kwa sababu hapakuwa na namba hata moja ya uongo.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Kazi iliyokamilika, yaani mtaro uliochimbwa, ukamwagwa zege na kupimwa, ilikuwa mita 612. Hiyo ni asilimia 34, na thamani yake shilingi milioni 408. Mkandarasi alikuwa amelipwa pia milioni 72 za nondo, saruji na kokoto alizokwisha kuleta saiti. Juu yake kulikuwa na malipo ya awali, asilimia 15 ya mkataba, milioni 180, ambayo kwa mkataba wetu yalipangwa kukatwa katika nusu ya pili. Jumlisha: milioni 660. Gawanya kwa bilioni 1.2, unapata asilimia 55. Muda uliokwisha kutumika ulikuwa asilimia 58. Ukiziweka 55 na 58 pamoja, msomaji anaona mradi uliochelewa kwa pumzi moja tu.

Lakini zile 55 ni asilimia ya fedha zilizotoka. Malipo ya awali ni mkopo wa kumwezesha mkandarasi aanze, na nondo iliyolala chini ya turubai haipitishi maji. Taarifa za namna hii huharibika zaidi kwa kuchagua kipimo kuliko kwa kughushi. Mradi una asilimia tatu tofauti: ya muda, ya fedha na ya kazi. Diwani, mjumbe wa kamati au mwandishi wa habari anayekabidhiwa asilimia moja tu anapaswa kuuliza ni asilimia ya nini, na aombe mbili zilizobaki. Fedha zikiwa mbele sana ya kazi, ipo habari ambayo hajaambiwa.

Kanuni za maadili za PMI, chama cha kimataifa cha wasimamizi wa miradi, zinaligusa jambo hili moja kwa moja. Zinakataza taarifa ya uongo, na pia nusu ya ukweli, habari iliyong'olewa kwenye muktadha wake, na kunyamazia jambo ambalo lingejulikana lingebadilisha maana ya ulichosema. Ile karatasi iliingia kwenye makatazo yote matatu ya mwisho bila kugusa la kwanza.

Sikumwona mwenye mradi kuwa mtu mbaya, na hata leo simwoni hivyo. Awamu ya pili ya fedha ilisubiri kikao kile. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa Juni 30, na fedha isiyotumika kwa wakati huleta kesi nyingine kabisa. Sababu ya kuchelewa pia haikuwa uvivu: nyumba 23 zilizowekwa alama ya X nyekundu zilikuwa hazijalipwa fidia, na mkandarasi alipoteza karibu miezi mitatu akizizunguka. Mwenye mradi aliamini fidia ingelipwa Februari na pengo lingezibika kimya kimya. Wengi wanaoomba habari ifichwe huwa wanaomba muda, na mara nyingine muda ni haki yao.

Hapo ndipo msimamizi anapotakiwa kupambanua. Mkuu akisema "nipe siku mbili tupime upya kabla hujatoa namba", hilo ni ombi halali, kwa sababu namba isiyohakikiwa nayo hupotosha. Akisema majina na viwango vya fidia vya kaya fulani visisomwe mbele ya watu, ana haki. Msimamo wa taasisi kwenye mgogoro wa madai na mkandarasi nao haubandikwi kwenye mbao za matangazo. Kipimo ninachokitumia ni kimoja: kabla habari hii haijatoka, kuna mtu ataamua jambo kwa kuamini kinyume chake? Kama hayupo, kusubiri ni busara ya ofisi. Kama yupo, huko ni kumdanganya.

Nikawahesabu. Mfadhili angetoa fedha Alhamisi ile ile. Mkandarasi mdogo wa zege alikuwa karibu kuchukua mkopo benki akitegemea malipo ya Machi. Serikali ya mtaa ilikuwa imewaambia wapangaji kwamba njia itafunguliwa Juni. Na lipo jambo ambalo sikuliona mpaka nilipoziandika namba upya usiku ule: mkandarasi, ili aonekane anakwenda, alikuwa amechimba mita 1,100. Ondoa 612 zilizokwisha zege, zinabaki mita 488 za shimo wazi, kina kirefu kuliko mtu mzima, kingo zake ni mchanga, na sehemu nyingine ziko hatua mbili tu kutoka ukuta wa jiko la mtu. Masika Dar es Salaam huanza Machi. Kwa mwendo wa miezi minne aliyofanya kazi bila kikwazo, mkandarasi alikuwa akimaliza mita 150 za zege kwa mwezi. Asingeweza kuziba 488 kabla ya mvua kwa mpango uliokuwepo. Mwenye 55 mkononi asingekuwa na sababu ya kuubadilisha mpango huo.

Wasomaji wa Kinondoni na Temeke wanaifahamu miradi ya aina hii. Kuanzia 2015, mradi wa DMDP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300, ulijenga barabara na mitaro katika manispaa za jiji hili. Wangu ulikuwa mdogo na haukuhusiana na huo, ila sura ni moja: kuna mfadhili, mwenye mradi, mhandisi mshauri, mkandarasi, halmashauri na mtaa. Habari hupanda ngazi moja baada ya nyingine, na kila ngazi inaweza kuilainisha kidogo.

Jirani zetu walionja matokeo ya habari kutofika juu kwa wakati. Kwenye barabara ya Kamwenge hadi Fort Portal nchini Uganda, wakazi wa Bigodi walilalamika kwamba wafanyakazi wa ujenzi walikuwa wakiwaharibu wasichana wadogo, pamoja na madhara mengine ya ujenzi. Malalamiko yao yalifika mpaka Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, na Desemba 2015 Benki ikafuta fedha zake kwenye mradi huo. Jambo lile lilikuwa zito mno kulilinganisha na mtaro wangu, na hapa sihukumu nani alinyamazia nini. Ninachokitazama ni njia: walioumizwa walilazimika kupeleka habari wenyewe nje ya ngazi za mradi, na ilipofika juu kwa njia hiyo, nafasi ya kurekebisha taratibu ilikuwa imekwisha.

Kesho yake asubuhi nilirudi kwa mkuu na ukurasa mmoja. Juu niliandika asilimia tatu kwa mstari mmoja: muda 58, fedha 55, kazi 34. Chini yake sababu, bila kumtupia mtu. Kisha makadirio: zimebaki mita 1,188, kwa mwendo wa 150 ni miezi minane, kwa hiyo mwisho ni Septemba, siyo Juni, na hata hiyo Septemba inategemea fidia kulipwa Februari. Mwisho niliweka maombi mawili tunayoyataka kwa kamati. Habari mbaya isiyo na ombi huwaachia wajumbe kazi moja tu ya kutafuta mkosaji.

Nikamwambia mambo matatu. Kwamba ingekuwa vyema aiseme yeye mwenyewe, maana kiongozi anayeleta tatizo lake na dawa yake hubaki anaongoza kikao. Kwamba mimi 55 kama asilimia ya kazi siisaini. Na kwamba nikiulizwa na mjumbe nitajibu nilichokipima. La mwisho nililisema kwa upole, lakini nililisema kabla ya kikao, kwa sababu kumshtukiza mkubwa wako mbele ya wageni ni kosa jingine. Jioni nikamwandikia barua pepe fupi ya kukumbushia mazungumzo, bila lawama, pamoja na ule ukurasa. Maagizo ya namna hii karibu siku zote hutolewa kwa mdomo, na baada ya miezi sita kinachobaki ni saini yako.

Kama angekataa, ngazi zilikuwepo. Ningeanza na mhandisi mshauri, ambaye kwa mkataba anapima kazi kwa kujitegemea, halafu mwenyekiti wa kamati, halafu mkaguzi wa ndani. Mhandisi aliyesajiliwa anawajibika pia kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na bosi hawezi kumbebea wajibu huo. Kwa makosa makubwa zaidi ipo Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, inayomlinda anayetoa taarifa kwa mamlaka husika. Kukimbilia magazeti ukiwa hujagonga mlango hata mmoja kati ya hiyo hakufanani na uwajibikaji. Nasema haya nikijua kwamba ulinzi wa kwenye karatasi haumzuii mtu kuhamishwa au kutopewa mkataba mwingine. Kijana mwenye ajira ya miezi mitatu mitatu hana uzito niliokuwa nao, na kwake ningesema asiende peke yake: amshirikishe mhandisi mwandamizi mapema, na kwa vyovyote asitie saini.

Mkuu aliisoma 34 mwenyewe, kwa sauti kavu. Mjumbe wa mfadhili hakuuliza juu ya asilimia hata mara moja. Aliuliza juu ya zile mita 488. Kikao kikaamua uchimbaji usimame, na genge la wachimbaji lihamie kwenye zege ili magenge yawe mawili. Hadi mvua inaanza tulikuwa tumemaliza mita 370 kati ya zile 488. Zilizobaki 118 tulizifukia tena, na gharama ya kufukia na kuchimba upya ikaandikwa wazi.

Gharama nyingine pia zilikuwepo. Fedha za awamu ya pili zilichelewa wiki sita. Mkuu alipata barua ya kujieleza kuhusu fidia, na kwa miezi mingi alinisalimia kwa mkato. Makadirio yangu nayo hayakusimama: fidia ilipatikana Machi, na nikalazimika kurudi mtaani kusahihisha tarehe niliyokuwa nimeitoa mwenyewe. Mama mmoja, ambaye jiko lake lilikuwa ukingoni mwa shimo, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo Septemba siyo tena, mwanangu?"

"Siyo tena, mama. Mwisho wa Oktoba."

Akamwita mpangaji wake atoke nje, nikairudia tarehe mbele yao wote wawili.