Kwa Nini Video Mbili za 1080p Hazilingani

Tuchukue video ya harusi yenye urefu wa saa moja, iliyohifadhiwa katika nakala mbili. Ya kwanza ina megabaiti 3,600, ya pili 450. Zote ni 1080p, yaani kila picha ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Nukta ni zilezile, lakini nakala moja ni nzito mara nane kuliko mwenzake. Kinachozitofautisha ni bitireti, kiasi cha data kinachotengwa kwa kila sekunde ya video.

Nakala kubwa imetengewa megabiti 8 kwa sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo jumla ni megabiti 28,800. Biti nane ni baiti moja; ukigawanya kwa 8 unapata megabaiti 3,600. Nakala ndogo ilitengewa megabiti 1 tu kwa sekunde, ikaishia 450. Idadi ya nukta haimo popote katika hesabu hiyo.

Ubora nao unatokana na kubanwa. Video hii bila kubanwa, kwa picha 25 kila sekunde, ingekula zaidi ya megabiti 1,200 kwa sekunde. Programu ya kubana huikata kila picha viraba, kisha hutafuta kisichobadilika. Ukuta ulio nyuma ya maharusi huhifadhiwa mara moja na picha zinazofuata huuazima. Kinachoandikwa upya ni mabadiliko tu. Wakati wa hotuba, watu wakiwa wameketi, hata megabiti 1 inaweza kuridhisha.

Kazi huanza ngoma ikikolea. Wageni wanainuka, taa zinazunguka, vitenge vyenye maua vinapepea, na karibu kila kiraba kinabadilika. Megabiti 1 haitoshi kuyaandika yote hayo, basi programu hutupa vitu vidogo: nakshi za nguo, nyuzi za nywele, mikunjo ya uso. Sura zinakuwa na ukungu, viraba vinajitokeza, na giza la ukumbini linagawanyika matabaka. Ukitaka kupima nakala, ruka hotuba, nenda moja kwa moja kwenye dansi.

Linganisha tu faili zilizobanwa kwa njia moja. H.265 inaweza kutoa ubora unaokaribiana na wa H.264 kwa takriban nusu ya bitireti, hivyo faili ndogo si lazima iwe mbovu.

Kilichotupwa hakirudi. Ukiigeuza nakala ya megabiti 1 kuwa ya megabiti 8, utapata faili kubwa yenye viraba vilevile. Kwenye kompyuta ya Windows, bofya faili kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, kisha Details, usome `Total bitrate`. Megabiti 8 huonekana kama 8000kbps hivi. Ukiona ni ndogo mno, mwombe mpiga video faili ya awali mapema, kabla hajaifuta.