Kugeuza Neno Palepale Lilipo

Kompyuta ikitakiwa kuandika namba 1978 kwenye kioo, hupata tarakimu zake kwa kugawanya kwa 10 na kuchukua baki. Baki la kwanza ni 8, kisha 7, kisha 9, na mwisho 1. Zikipangwa kwa kadiri zinavyotoka, zinasomeka 8791, kwa hiyo lazima zigeuzwe. Mfano huo ndio ulioingizwa na Brian Kernighan na Dennis Ritchie katika kitabu chao cha lugha ya C kilichotoka mwaka 1978, na kitendakazi kifupi cha kugeuza herufi kimekuwa zoezi la kila anayejifunza C tangu hapo.

Njia rahisi ya kufikirika ni kutenga eneo la pili la kumbukumbu, kunakili herufi kuanzia mwisho, kisha kulitupa la kwanza. Maandishi ya baiti milioni moja yangedai milioni nyingine. Lakini herufi ya kwanza ikibadilishana nafasi na ya mwisho, ya pili na ya kabla ya mwisho, mpaka pande mbili zikutane katikati, kinachohitajika ni baiti moja tu ya kushikilia herufi wakati mwenzake anahamia. Baiti hiyo haiongezeki hata maandishi yawe marefu kiasi gani.

```c
void geuza(char s[])
{
    int i = 0;
    int j = (int)strlen(s) - 1;
    while (i < j) {
        char t = s[i];
        s[i] = s[j];
        s[j] = t;
        i++;
        j--;
    }
}
```

Tufuate 8791. Nafasi huhesabiwa kuanzia 0, kwa hiyo i ni 0 na j ni 3. Tarakimu 8 na 1 zinabadilishana, tunapata 1798. Kisha i inakuwa 1 na j inakuwa 2. 7 na 9 zinabadilishana, tunapata 1978. Sasa i imeipita j, kazi imekwisha. Tarakimu zingekuwa tatu, ya katikati ingebaki ilipo, maana i na j zingekutana juu yake.

Ile -1 ndiyo inayobeba uzito wote. Katika C, maandishi hayabebi urefu wake popote. Lugha ya BCPL, iliyotangulia, iliweka hesabu ya herufi mwanzoni, na Ritchie alieleza baadaye kwamba hesabu hiyo iliachwa kwa sababu, pamoja na mengine, nafasi yake ndogo iliwekea urefu mpaka. C badala yake huweka baiti yenye thamani 0 baada ya herufi ya mwisho. Kwa hiyo tarakimu nne zinakaa katika baiti tano: 56, 55, 57, 49, kisha 0. Tarakimu “0” tunayoisoma kwenye namba kama 100 ni kitu tofauti kabisa. Kompyuta huihifadhi kama 48, na haikatishi maandishi.

Kitendakazi cha `strlen` hutembea baiti moja moja mpaka kikutane na ile 0, kisha kinajibu 4. Nafasi ya 4 ndipo 0 yenyewe ilipo. Mwandishi akisahau kutoa 1, j inaanzia hapo, na alama ya mwisho inahamia mbele. Baiti zinakuwa 0, 49, 57, 55, 56. Tarakimu zimegeuzwa vizuri na zote zipo, lakini kioo kinaonyesha mstari mtupu, kwa kuwa msomaji yeyote wa C anakutana na mwisho kabla ya kuanza. Ukiona matokeo matupu baada ya kugeuza, anza kutafuta hapo.

Kosa hilo angalau hujionyesha mara moja. Lililo baya zaidi ni kuzijaza tarakimu bila kuweka 0 mwishoni, au kutenga baiti nne pale zinapotakiwa tano. Hapo `strlen` hupita 8791 na kuendelea kwenye kumbukumbu ya jirani mpaka ikute 0 yoyote. Urefu unaorudi ni wa uongo, na kwa kuwa kugeuza ni kuandika pamoja na kusoma, data isiyohusika inavurugwa. Mara nyingine baiti ya jirani huwa 0 kwa bahati. Programu hiyo inafanya kazi vizuri siku ya majaribio, kisha inaharibika ikihamishiwa kompyuta nyingine, na kosa huonekana mbali na mahali lilipozaliwa.

Usiutegemee mstari unaoonekana kwenye kioo kuwa ushahidi. Ukitumia gcc, kusanya programu hivi, uiendeshe kwa maandishi matupu, yenye herufi moja, na yanayojaza safu nzima:

```
gcc -g -fsanitize=address geuza.c
```

Baiti ikisomwa au kuandikwa nje ya safu iliyotengwa, programu inasimama hapo hapo na kutaja mstari wa msimbo uliohusika.