Bili ya Kuhama Ofisi

Kampuni ndogo inahama Westlands, Nairobi, baada ya miaka sita. Ofisi ni ya futi za mraba 2,000 na kodi ilikuwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Funguo zimekabidhiwa, na sasa wanangoja amana yao ya miezi mitatu, shilingi 600,000. Badala ya hundi, mwenye jengo anawaletea jedwali la madai la shilingi 1,943,960. Mfano huu nimeubuni, lakini namna jedwali lenyewe linavyojengwa si ngeni kwa yeyote aliyewahi kuhamisha ofisi mjini.

Jedwali la aina hii huchanganya wajibu wa namna mbili, na mpangaji asipoutenganisha atalipa kisichomhusu. Wa kwanza ni kutengeneza kilichoharibika: kioo kilichopasuka, bomba linalovuja, mlango ulioteguka. Wa pili ni kuondoa alichokiongeza yeye mwenyewe, hata kama bado kinang'aa: partisheni, kaunta ya mapokezi, nyaya za kompyuta zilizopita juu ya dari. Partisheni haijaharibika hata kidogo, lakini mkataba ukisema jengo lirudishwe kama lilivyokabidhiwa, lazima ivunjwe.

Kwa Kenya, hata mkataba usiposema lolote, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinamtaka mpangaji arudishe jengo katika hali ileile aliyolikuta. Hapo hapo kinamsamehe uchakavu wa kawaida, na pia madhara ya moto, mafuriko au ajali ambayo haikutokana na uzembe wake. Tatizo ni kwamba mikataba mingi ya ofisi huandikwa na wakili wa mwenye jengo, naye huongeza masharti makali zaidi. Sharti lililo wazi ndilo litakalosomwa kwanza.

Sasa turudi kwenye bili. Kuvunja partisheni na kuzoa kifusi, 180,000. Dari na taa, 240,000. Kapeti mpya ofisi nzima, 300,000. Rangi, 160,000. Viyoyozi viwili vipya, 220,000. Hiyo ni 1,100,000. Juu yake kuna asilimia 10 ya matayarisho ya mkandarasi, kisha asilimia 10 ya ada ya msimamizi, kisha asilimia 16 ya kodi ya ongezeko la thamani, na mwisho kodi ya pango ya miezi miwili ambayo mwenye jengo anasema ataikosa mafundi wakiwa ndani. Angalia jinsi bili inavyokua: kazi ya milioni moja na laki moja inakaribia kuwa milioni mbili, na kila asilimia inapanda juu ya mgongo wa mwenzake. Ukipunguza shilingi moja chini kabisa, unapunguza zaidi ya moja juu.

Mpangaji akimleta mkadiriaji wake wa gharama za ujenzi, kazi huanza mstari kwa mstari. Partisheni hazina ubishi. Mkataba ulitaka ziondolewe. Dari ni jambo jingine, kwa sababu vigae vyake viliguswa pale tu kuta za partisheni zilipoishia, theluthi moja ya eneo, hivyo 80,000 inatosha. Kapeti ilikuwa na miaka minne siku kampuni ilipoingia. Leo ina kumi. Kufifia na kulika njiani ni uchakavu wa kawaida. Doa kubwa lililoungua kando ya birika la chai si uchakavu, na kubadilisha sehemu hiyo ni 30,000.

Rangi inawashangaza wengi. Kuta zimechujuka kwa miaka tu, hakuna aliyezikwaruza, kwa nini zilipiwe? Kwa sababu mkataba huu, kama mingi, una sharti la pekee: mpangaji apake rangi katika miezi mitatu ya mwisho. Msamaha wa uchakavu haufuti ahadi hiyo, kwa hiyo 160,000 inabaki nzima. Kuhusu viyoyozi, mkataba ulitaka vihudumiwe kila baada ya miezi mitatu na kampuni haina hata risiti moja ya fundi. Hata hivyo kilichokufa ni kompresa ya kimoja. Wajibu ni kutengeneza kwa njia ya kawaida, si kununua vipya pale matengenezo yanapotosha: 60,000.

Jumla sasa ni 510,000. Ukiongeza matayarisho na ada kwa asilimia zilezile unafika 617,100. Kodi ya ongezeko la thamani inaondoka, kwa kuwa mwenye jengo amesajiliwa na atairudishiwa. Fedha anayoirudishiwa si hasara. Kodi ya pango nayo inadaiwa tu ikiwa kweli ukarabati ndio uliomchelewesha mpangaji mpya. Ghorofa ya juu yake imekaa tupu kwa miezi, na hakuna aliyekuwa akingoja mlangoni. Baada ya amana, kilichobaki ni shilingi 17,100.

Chini ya hesabu hizi kuna ugomvi wa zamani: je, mpangaji hulipa gharama ya kazi, au hasara halisi ya mwenye jengo? Mwaka 1891, katika kesi ya Joyner dhidi ya Weeks, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisema ni gharama ya kazi, ingawa mwenye nyumba alikuwa ameshampangisha mtu mwingine ambaye angebomoa na kubadili. Bunge la huko lililegeza kanuni hiyo mwaka 1927. Tangu hapo, kwa Uingereza na Welisi, fidia ya kukiuka sharti la ukarabati haizidi kiasi ambacho thamani ya jengo imeshuka, na kama jengo litavunjwa, au litabadilishwa kiasi kwamba ukarabati ungekuwa kazi bure, haidaiwi. Kenya ilirithi sheria za jumla za Uingereza zilizokuwepo tarehe 12 Agosti 1897, kwa hiyo ile ya 1927 si yetu. Hukumu za huko mahakama zetu huzisoma lakini hazifungwi nazo. Mpangaji anayetaka kinga ya namna hiyo na aiandike kwenye mkataba wakati bado anabembelezwa asaini.

Hata kipimo cha ukarabati wenyewe hakiko sawa kila mahali. Mwaka 1890, katika kesi ya Proudfoot dhidi ya Hart, mahakama hiyohiyo ilisema hali inayotakiwa hutegemea umri wa nyumba, hadhi yake na mtaa ilipo. Ghala la Changamwe halipimwi kwa macho ya ofisi ya Upper Hill.

Katika mfano wetu mpangaji aliokolewa na picha zilizopigwa siku ya kuingia, zenye tarehe, zikatiwa saini na pande zote mbili na kuambatishwa kwenye mkataba. Bila hizo, umri wa kapeti ungekuwa neno la mtu dhidi ya neno la mwingine. Alikosea kwenye saa. Laiti angemwita mwenye jengo wakague pamoja miezi sita kabla, angevunja partisheni na kupaka rangi kwa mafundi wake, bila ada ya msimamizi wa mtu mwingine. Mkataba ukishaisha na funguo kurudi, hana ruhusa tena ya kuingia na nyundo. Kilichobaki ni kubishania bei za mkandarasi ambaye hakumchagua.