Taa ya Tatu Haiwashwi

Tuchukue kichochoro kimoja chenye giza na nyumba tatu: ya mama lishe anayepika mpaka usiku, ya fundi cherehani, na ya mzee mstaafu anayelala mapema. Taa moja ya nje, ukijumlisha umeme, balbu na nguzo, inagharimu shilingi 16,000 kwa mwezi. Kwa taa ya kwanza, mama lishe yuko radhi kutoa hadi 17,000, maana wateja wake huja baada ya magharibi. Fundi angetoa 10,000, mzee 6,000. Je, kichochoro hiki kinastahili taa ngapi?

Yangekuwa maandazi, hesabu ingekuwa nyepesi. Andazi alilokula mmoja halipo tena kwa mwingine, kwa hiyo muuzaji huangalia kila mteja anataka mangapi kwa bei ya leo, akajumlisha idadi. Mwanga hauko hivyo. Taa ile ile humulika wote watatu kwa pamoja, na fundi akiangaziwa, mzee hapunguziwi kitu. Idadi ya taa ni ile ile kwa kila mmoja. Kinachotofautiana ni thamani wanayoipa. Basi hapa hujumlishwa thamani, taa kwa taa. Mchumi akichora, huandika idadi ya taa chini na shilingi ubavuni, kisha hupandanisha mistari ya wale watatu, mmoja juu ya mwingine. Ndiyo maana huitwa kujumlisha kwa wima. Kanuni hii ilipewa umbo lake na Mmarekani Paul Samuelson katika makala fupi mno ya mwaka 1954: endelea kuongeza mpaka jumla ya faida za nyongeza za watu wote ilingane na gharama ya kuongeza.

Tuipige hesabu hiyo. Taa ya kwanza ina thamani ya 17,000 na 10,000 na 6,000, yaani 33,000. Ya pili haina utamu wa ya kwanza: 13,000, 8,000 na 5,000, jumla 26,000. Ya tatu ni 9,000, 6,000 na 4,000, jumla 19,000, ambayo bado inazidi 16,000. Ya nne huleta 12,000 tu, hailipi. Jibu ni taa tatu.

Sasa acha kila mtu ajiamulie. Mama lishe atafunga taa moja, kwa kuwa anapata 17,000 kwa 16,000. Ya pili haimlipi peke yake. Fundi na mzee hawatafunga hata moja, na kwa nini wafunge? Mwanga unawafikia bila senti. Kichochoro kinabaki na taa moja badala ya tatu, na faida ya 13,000 kila mwezi inapotea pasipo mtu kuiba chochote.

Utasema waitwe kikao, kila mtu alipe kulingana na faida yake. Wazo hilo ni la Msweden Erik Lindahl, la mwaka 1919. Tugawe gharama ya kila taa hivi: mama lishe 8,000, fundi 5,000, mzee 3,000. Kila mmoja analipa chini ya thamani anayoipa hata ile taa ya tatu, kwa hiyo wote wangeunga mkono taa tatu. Lakini mtazame fundi. Kwa taa tatu anapata faida ya 24,000 na kulipa 15,000, akabaki na 9,000. Kwa ile taa moja ya mama lishe alikuwa akibaki na 10,000 za bure! Mchango huo wa haki unamwacha chini kidogo ya alipokuwa akidandia.

Kwa hiyo akiulizwa taa ya tatu ina thamani gani kwake, atajibu 2,000, huku akilalamika kwamba biashara ni mbaya. Jumla inashuka kutoka 19,000 hadi 15,000, taa ya tatu inaonekana haifai, na daftari la mwenyekiti halina kosa lolote la hesabu. Ukiwauliza watu watachanga kiasi gani, husema kidogo. Ukiwauliza wangependa taa ngapi kama wangelipa wengine, husema nyingi. Pengo kati ya majibu hayo mawili ndilo dalili ya udandiaji.

Mwaka 1971 Edward Clarke alipendekeza dawa yake: mtu ambaye jibu lake limegeuza uamuzi wa kikundi alipishwe hasara aliyowasababishia wengine. Hapo kusema kweli ndiyo njia bora kwake. Kwenye karatasi inapendeza, ila mkusanyaji anabaki na fedha ambazo hawezi kuwarudishia wahusika bila kuharibu mtego huo, na watu wakipanga njama pamoja inavunjika. Kwa kichochoro chenye nyumba tatu naona njia ya kienyeji ina nguvu zaidi: ahadi ya masharti, kwamba taa ya pili na ya tatu hazifungwi mpaka wote watatu wametoa, na asipotoa mmoja, fedha zinarudi. Katika mji wa maelfu ya watu ahadi hiyo haishiki, kwa sababu kila mtu anajua mchango wake mmoja hautaonekana. Ndiyo sababu taa za barabara kuu hulipiwa kwa kodi, na serikali hukadiria idadi yake bila kujua thamani ya kweli ya mtu yeyote.